Dawa ya tisa inatibu madhara ya dawa ya tatu: maswali yenu kuhusu wazee na vidonge

"Mama ana miaka 79, anatumia amlodipini ya presha. Miguu ikavimba, akaongezewa vidonge vya kukojosha. Sasa usiku haachi kwenda chooni na juzi kaanguka. Ni uzee tu?"

Uzee uache kwanza. Kaa na mama mkumbuke miguu ilianza kuvimba lini, na hiyo amlodipini alianza lini au ilipandishwa lini kutoka miligramu 5 kwenda 10. Mara nyingi utakuta vimefuatana, wiki chache tu katikati. Amlodipini inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile ya kurudisha damu hailegei kiasi hicho hicho, kwahiyo damu inasukumwa kwa nguvu kwenye vimishipa vya katikati na maji yanavuja kwenye nyama za miguu. Mama hana maji mengi mwilini, maji yake yamehamia tu sehemu isiyo yake. Ndo maana vidonge vya kukojosha havisaidii sana uvimbe wa aina hii, vinachofanya ni kumkausha na kumtoa chumvi.

Sasa ona kinachotokea saa nane usiku. Kibofu kimejaa, mama anaruka kitandani, damu inashukia miguuni. Mimi na wewe tukisimama ghafla moyo unaongeza mapigo na mishipa inabana haraka, hatujui hata kama kuna kitu kimefanyika. Kwa mzee huo mrejesho ni wa polepole, na hapo ana dawa mbili za kushusha presha na maji yamepungua. Kizunguzungu, anadondoka, na mfupa wa nyonga kwa umri ule si mchezo.

Hii mnaweza kuithibitisha nyumbani kama mna mashine ya presha. Alale dakika 5, mpime, kisha asimame akiwa ameshikiliwa, mpime dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, andikeni mumpelekee daktari. Mwulizeni swali moja: kidonge cha kukojosha kiliwekwa kwa ajili ya moyo au kwa ajili ya uvimbe tu? Kama ni uvimbe tu, anaweza kushusha amlodipini au kuibadilisha na hicho cha pili kikaondoka chenyewe. Ila kama mama anakosa pumzi akilala chali, au umevimba mguu mmoja tu na unauma, hiyo ni habari nyingine kabisa, msisubiri siku ya kliniki.

"Kipimo cha figo cha bibi kimetoka kawaida, kreatinini 1.0, mbona daktari kampunguzia dozi?"

Kwa sababu huyo daktari anajua kazi yake. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na figo ndiyo inaichuja, na bibi misuli imeisha, kwahiyo anatengeneza kidogo. Figo ikichoka na kiwanda kikipunguza uzalishaji, namba inabaki ile ile na kila mtu anafurahi. Kuna hesabu ya zamani wafamasia tunaitumia mpaka leo: chukua 140 utoe umri, zidisha kwa kilo, gawanya kwa jibu la 72 mara kreatinini, mwanamke unazidisha tena kwa 0.85. (Kama karatasi imeandikwa kwa mikromoli, gawanya kwanza kwa 88.4.)

Tuseme bibi ana miaka 82 na kilo 48. Inabaki 58, mara 48, gawanya kwa 72, mara 0.85, unapata kama 33, yaani mililita za damu ambazo figo inasafisha kwa dakika. Sasa binti wa miaka 30 mwenye kilo 60, kreatinini hiyo hiyo 1.0, anapata kama 78. Karatasi mbili za maabara zinafanana, lakini mmoja anasafisha damu chini ya nusu ya mwenzie, kwahiyo dawa inayotoka kwa mkojo itakaa ndani ya bibi muda mrefu zaidi na kesho inapandiwa na nyingine. Kuna dawa kabisa, metformini ya kisukari ni mojawapo, figo ikishuka chini ya 30 inaachwa. Kwahiyo mkienda kupima mpelekeni na uzito wake wa leo, sio ule wa miaka mitano iliyopita.

"Mimi na baba (81) tumeandikiwa diazepamu ile ile ya usingizi. Mimi naamka fresh, yeye anashinda analewalewa na anataja majina ya watu waliokufa."

Diazepamu inapenda mafuta, na mwili ukizeeka misuli inapungua, sehemu ya mafuta inaongezeka, kwahiyo dawa inapata pa kujificha. Kwa kijana wa miaka 20 nusu ya dawa inatoka kama ndani ya saa 20, kwa mzee wa 80 ni karibu saa 90, yaani siku tatu na zaidi. Baba anameza ya leo wakati ya jana na juzi bado zimo. Na ubongo wake wenyewe unaisikia dawa zaidi kuliko wako hata kama kiwango kwenye damu kingelingana. Mwambieni daktari mapema, lakini msikate ghafla kama ameshatumia wiki nyingi, inashushwa kidogo kidogo, la sivyo anaweza kukosa usingizi kabisa au hata kupata degedege.

"Magoti yanamuuma mzee, namnunulia diklofenaki. Anatumia na losatani ya presha na kidonge cha kukojosha, kuna shida?"

Ipo, na ni hii inayonikera kuliko zote kwa sababu diklofenaki watu wanaichukulia kama pipi. Chukulia chujio la figo lina mlango wa kuingilia damu na wa kutokea. Diklofenaki inabana wa kuingilia, losatani inalegeza wa kutokea, kidonge cha kukojosha kinapunguza damu inayofika pale. Presha ndani ya chujio inaporomoka na figo inaacha kuchuja. Kila dawa peke yake inaweza kuvumilika, tatu pamoja na mzee akaharisha siku mbili tu, figo inaweza kugoma. Utaona mkojo umepungua, kichefuchefu, amelegea. Anza na parasetamo, au jeli ya kupaka kwenye goti, inaingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Na hiyo jeli pia mtajie daktari.

"Naweza kumwachisha mwenyewe zile zinazoonekana hazina kazi?"

Hapana kaka. Propranololi na atenololi za moyo na presha, prednisoloni ya muda mrefu, hizo ukizikata ghafla zinaweza kumrudishia mgonjwa balaa kubwa kuliko ugonjwa. Unachoweza ni kukusanya kila kitu kwenye mfuko mmoja, vidonge, matone ya macho, dawa za mafua, za mitishamba, umpelekee mtu mmoja avimwage mezani. Niliwahi kumwaga mfuko wa mzee mmoja nikakuta maboksi mawili, moja la bluu moja jeupe, majina tofauti, na maandishi madogo chini ya yote mawili yanasema amlodipini miligramu 10. Kila kliniki ilimpa yake. Alikuwa anameza moja asubuhi na moja jioni, na familia ilikuwa inashangaa kwanini miguu haipungui.