Video ya dakika 10 inakula bando na haifiki

"Video yangu ya dakika 10 ina GB 1.2. Kila nikipakia, mtandao unakatika katikati naanza upya. Nifanyeje?"

Ndugu, tatizo liko kwenye Bitrate, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya video. Kwa ukubwa huo umetoa video kwenye programu ya kuhariri kwa takriban 16 Mbps, yaani megabiti 16 kwa sekunde: zidisha kwa sekunde 600, gawanya kwa 8 kugeuza biti kuwa baiti, unapata MB 1,200. Ukishusha hadi 720p na kuiacha 16 ilivyo, faili halipungui. Hapo ndipo wengi hukwama. Weka 720p, kodeki ya H.264, 3 Mbps na sauti 128 kbps, utapata kama MB 235. Kwa mtu anayeongea mbele ya kamera inatosha kabisa. Kwenye mpira au ngoma picha itavunjika miraba-miraba, basi panda hadi 5. Toa kwanza kipande cha sekunde 20 ukitazame.

Kabla ya kupakia, jaribu na faili dogo: ikifika nusu, zima data, kisha washa. Asilimia ikiendelea ilipoachia, uko salama. Ikirudi sifuri, tafuta njia nyingine ya kupakia. Video ikishaanza kupanda usiitoe upya kwenye programu ya kuhariri, maana hilo litahesabiwa faili jipya. Na ile ya awali usiifute, ubora uliopunguzwa haurudi.