Flashi ya harusi inatoa sauti bila picha: faili zenu zikoje na zichezwe wapi

*"Kaka, flashi ya harusi uliyotupa yacheza vizuri kwa laptopu ya mwanangu. Nikiitia kwa TV ya sebuleni nasikia sauti tu, picha hakuna. TV ya mama kule Langoni haioni kitu kabisa. Tukajaribu kuhamisha kwa flashi nyingine ya GB 64, mpya, tupu, ikakataa, eti faili ni kubwa mno. Na ile fupi niliyomtumia dada Mombasa kwa WhatsApp imemfikia ina ukungu. Faili zimeharibika ama ni TV zetu?"*

Wa alaykum salaam dada. Faili ni nzima, na TV pia ni nzima. Kwa kuwa laptopu inacheza filamu yote hadi mwisho, hilo la kuharibika liondoe moyoni. Una matatizo mawili tofauti yaliyokuja pamoja: TV ya sebuleni haielewi namna picha ilivyobanwa, na ya mama haielewi namna flashi yenyewe ilivyopangwa.

Ndani ya flashi mna faili tatu:

```
HARUSI_4K.mp4
HARUSI_FULLHD.mp4
FUPI_DAKIKA3.mp4
```

Zote zinaishia na mp4, ndiyo maana zinaonekana ndugu. Lakini mp4 ni kama kikapu tu. TV inaukubali ukili wa nje, kisha inashindwa na kilichomo ndani. Ile ya 4K picha yake imebanwa kwa H.265, ambayo kwenye TV nyingine huandikwa HEVC. Kiwango hicho kilipitishwa mwaka 2013, na TV nyingi za zamani hazina kifaa cha kuifungua. Sauti yake ni AAC, ya kawaida, na TV inaiweza. Basi sauti inatoka na kioo kinabaki cheusi. Sebuleni chagua HARUSI_FULLHD. Hiyo imebanwa kwa H.264, ya tangu 2003, na karibu kila TV yenye tundu la USB inaicheza. Na ikiwa TV yenu si ya 4K, hupotezi kitu, kwa sababu kioo hakiwezi kuonyesha nukta zaidi ya zile kilizo nazo.

Sasa ukubwa, kwa kuwa hapo ndipo flashi ya pili ilipokwama. Ukubwa wa video ni kasi yake mara muda wake. Filamu yenu ni ya saa 2, yaani sekunde 7,200. Ile ya Full HD inatumia megabiti 8 kwa sekunde; gawanya kwa 8 upate megabaiti 1 kwa sekunde, kwa hivyo jumla ni GB 7.2. Ile ya 4K inatumia megabiti 40, sawa na megabaiti 5 kwa sekunde, jumla GB 36. Kwenye laptopu ya Windows utaona 6.7 na 33.5 badala yake. Hakuna kilichopungua: Windows inahesabu GB kwa kipimo kikubwa kidogo, na kwa sababu hiyo hiyo flashi ya GB 64 inaonyesha kama 59 na kitu.

Flashi yenu mpya ina nafasi ya kutosha, ila imepangwa kwa mtindo wa FAT32. Mtindo huo haukubali faili moja inayofika GB 4, hata flashi iwe tupu. Niliyowapa mimi nimeipanga kwa exFAT, isiyo na kikwazo hicho. Ubaya wake ni kwamba TV za zamani hazijui kuisoma exFAT, na nina hakika kubwa kwamba ya mama ni mojawapo.

Kwa hiyo mama mtengenezee flashi yake. Nunueni ya GB 32, na kijana afanye hivi kwa laptopu. Aitie, afungue This PC, abonyeze jina la flashi kwa kitufe cha kulia, achague Format, na pale File system aweke FAT32, kisha Start. Kazi hiyo inafuta kila kitu kilichomo, kwa hivyo ahakikishe si flashi yangu iliyo kwenye laptopu wakati huo. Kisha filamu ya Full HD aikate vipande viwili vya saa moja moja, kila kimoja kama GB 3.6, chini ya kikomo. Akiwa na programu ya ffmpeg, afungue dirisha la amri ndani ya folda aliyonakilia faili, aandike haya:

```
ffmpeg -i HARUSI_FULLHD.mp4 -t 3600 -c copy SEHEMU1.mp4
ffmpeg -ss 3600 -i HARUSI_FULLHD.mp4 -c copy SEHEMU2.mp4
```

Maneno `-c copy` yanakata bila kubana upya, basi picha inabaki ile ile na kazi inakwisha upesi. Sehemu ya pili yaweza kurudia sekunde chache za mwisho wa ya kwanza, kwa kuwa video hukatika pale penye picha kamili tu. Asijaribu programu za simu zinazojidai kupunguza ukubwa. Hizo zinabana upya, na dhahabu za bibi harusi zinageuka vidoa vya manjano.

Anaponakili, asichomoe flashi mara tu mstari unapofika mwisho. Abonyeze Eject, asubiri ruhusa. Faili ya mp4 huwa na orodha ya yaliyomo, mara nyingi mwishoni kabisa, na ikikatika kabla ya hapo haifunguki hata sekunde moja. Kuhakiki ni rahisi: aangalie Properties za faili ya asili na za nakala, nambari ya Size kwa baiti ziwe sawa sawa.

Kwa mama, jaribuni kila tundu la USB. TV nyingine zina tundu lililoandikwa Service, ambalo si la kuchezea video. Ikishindikana, chukueni laptopu na waya wa HDMI: laptopu ndiyo itakayofungua video, TV itaonyesha tu. Kwenye laptopu tumieni VLC, maana kichezeshi cha Windows chaweza kukudai nyongeza ya HEVC. Ile ya 4K ikicheza kwa kukwamakwama, kwanza inakilini kwenye diski ya laptopu. Ikiendelea kukwama, kichakataji hakiiwezi, chezeni ya Full HD.

Kuhusu dada wa Mombasa, WhatsApp hubana kila unachokituma kama video. Itume tena FUPI_DAKIKA3 kupitia alama ya kiambatisho, uchague Document. Itafika kama ilivyo, na itakula kama MB 225 za data kwako na kwake pia. Document ina kikomo cha GB 2, basi filamu nzima haipiti. Mpe flashi mtu anayeshuka Mombasa.

Ya kupamba na ya kesha la wanawake sikuyatia humo. Yako kwenye flashi nyeupe, peke yake, na imepangwa exFAT vilevile. Hiyo naomba isipite kwa WhatsApp kwa namna yoyote, kwani faili ikishaingia kwa kundi la familia hamjui itaishia simu ya nani.

Zote mbili nakilini pia kwenye diski ya nje. Flashi si ya kuhifadhia miaka, na chumvi ya hewa yetu hapa Lamu inakula meno yake ya chuma upesi. Na kama TV ya mama itakataa hata baada ya FAT32, nitumie picha ya kibandiko kilicho nyuma yake chenye nambari ya modeli, nione inakubali faili za aina gani.