Mchanga mmoja, maelezo mawili

"Sampuli ileile: mimi nimeandika 'kahawia, mgumu', mwenzangu 'kijivu, uliolegea'. Tufuate ipi?"

Rangi iandikwe sampuli inapotoka tu, ingali na unyevu wake. Mchanga wa kijivu wa chini ya maji unaweza kugeuka kahawia ukikaa hewani, kwa hiyo ulizeni nani aliandika kwanza.

"Mgumu" liachieni udongo wa mfinyanzi. Wapo wanaosema kuminya sampuli kwa kidole kunatosha; hilo ni sahihi kwa mfinyanzi tu. Mchanga huamuliwa na mapigo ya SPT, yaani idadi ya mapigo ya nyundo ya kuzamisha bomba la sampuli ardhini: 4 hadi 10 umelegea, 10 hadi 30 wastani, 30 hadi 50 umeshikamana. Mkipata 18, andikeni: "Mchanga wa chembe za kati, kijivu, umelowa, msongamano wa wastani." Penye changarawe kubwa, mapigo hupanda kuliko hali halisi, hapo wahandisi bado hubishana.