Kamera inazimika kwenye mkutano, mimi naomba hedseti, aiti hawanielewi

SWALI: Kaka habari. Nafanyia kazi nyumbani Nyegezi, ofisi kubwa iko Dar. Kamera ya USB waliyonipa inazimika katikati ya mikutano, wiki hii mara nne. Nimeona inazimika nikijisogeza kwenye kiti nikiwa nimevaa hedseti, na waya wa hedseti umechubuka chini ya kile kiboksi cha kuongezea sauti. Vyote nimechomeka kwenye habu moja ndogo. Nimewaandikia aiti naomba hedseti nyingine, wamejibu hedseti haihusiani na kamera, ninunue bando zuri. Fundi wa mjini anasema nifomati. Niandikeje barua wanielewe? (Dada wa Nyegezi)

JIBU: Dada yangu, kwanza usifomati. Naomba ulishike hilo kabla hatujaenda mbele, maana kila wiki naletewa laptopu hapa Mwanza ambayo imeshafomatiwa mara moja au mbili kwa sababu ya kamera, mafaili ya watu yamepotea, na kamera bado inazimika vilevile. Waya uliochubuka hauponi kwa kuweka Windows mpya.

Sasa hili la bando ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linasemwa na watu wa aiti wenyewe ambao walitakiwa wajue. Ukiwa kwenye mkutano kuna kile kipicha chako mwenyewe unachojiona pembeni ya skrini. Kwenye programu nyingi za mikutano hicho kipicha hakipiti kwenye intaneti, kinatoka kwenye kamera kinaingia kwenye skrini yako moja kwa moja. Kwa hiyo bando likiwa bovu wewe unajiona vizuri tu unacheka na kupepesa macho, wenzako Dar ndio wanaokuona umeganda. Lakini kipicha chako mwenyewe kikiwa cheusi, au programu ikikwambia kamera haipo, hapo bando halimo, hata ungeweka waya wa intaneti kutoka Dar mpaka chumbani kwako. Na ukitaka kuwaonyesha kabisa, zima waifai, fungua programu ya Camera iliyomo ndani ya Windows, ukae nayo nusu saa. Ikizimika bila intaneti, habari ya bando imeisha.

Hedseti inazimaje kamera? Soketi ya USB 2.0 ya laptopu kwa kawaida inatoa umeme hadi miliampia 500, ya USB 3.0 hadi 900. Habu ndogo isiyo na chaji yake haiongezi kitu, inagawa huo huo kwa kamera, hedseti, mausi na chochote ulichochomeka. Ndani ya waya wa hedseti kuna nyaya za umeme na za data, na zikichubuka zikagusana kwa nusu sekunde tu umeme unavutwa kwa nguvu, habu au soketi ya laptopu inajikinga inakata. Habu nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa kukata tundu moja, zinakata yote kwa mpigo. Hapo kamera inaondoka pamoja na mausi na hedseti, baadaye vinarudi, na wewe unasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kutoka na kuingia. Wakati mwingine kamera inarudi lakini programu ya mkutano haiishiki tena mpaka utoke uingie upya, ndio maana watu wanadhani kamera ndiyo mbovu.

Na hapo umeandika kitu kimoja ambacho nadhani kwenye barua ya kwanza hukukiweka, kwamba waya umechubuka CHINI ya kiboksi cha sauti, yaani kati ya kiboksi na ile ncha ya kuchomeka. Kwenye hedseti nyingi za USB chipu ya sauti imekaa ndani ya hicho kiboksi, kwa hiyo waya wa chini yake ndio unaobeba umeme wa USB, na wa juu kuelekea masikioni unabeba sauti tu. Ungechubuka juu ungepata mikwaruzo au sikio moja kuwa bubu, lakini kuzima kamera isingekuwa rahisi. Mtu wa aiti anayeijua kazi yake akisoma hilo neno moja ataanza kukusikiliza.

Ila mimi siwezi kukuapia kutokea huku kwamba ni hedseti, inaweza ikawa habu yenyewe imechoka. Na ukiomba hedseti ukapewa halafu kamera ikazimika tena, barua ya tatu hakuna atakayeisoma. Kwa hiyo pima kwanza, jioni mbili zinatosha. Jioni ya kwanza chomoa hedseti kabisa, acha kamera kwenye habu, fungua Camera nusu saa huku ukijisogeza kwenye kiti kama kawaida. Ikizimika, hedseti haina kosa, tatizo ni habu au kamera au waya wa kamera, badilisha ombi lako. Isipozimika, jioni ya pili chomeka hedseti peke yake kwenye soketi ya laptopu, kamera ibaki kwenye habu, fanya mkutano wa kawaida au piga stori na mtu. Kama hedseti inapotea yenyewe na kamera inabaki hai, umeshampata mgonjwa wako. Kama vyote viwili vinatulia kabisa jioni nzima, basi habu haibebi mzigo, omba habu yenye chaji yake, hedseti isubiri.

Mwaka jana kuna kijana mmoja pale Kirumba, anafanya uhasibu wa kampuni ya mizigo, alikuja na kisa kama chako. Ameshafomati mara mbili, ameshanunua kamera kwa hela yake. Nilimwambia akae kwenye kiti chake kilekile, meza yake ileile, tukafungua Camera, dakika kumi na moja kimya, akarudisha kiti nyuma, kamera ikazima na taa ya mausi ikazima nayo. Kumbe gurudumu la kiti lilikuwa linapanda juu ya waya wa hedseti kila akijisogeza. Tulipochomoa hedseti alirudisha kiti mara ishirini na hakuna kilichozimika. Ile taa ya mausi ndiyo iliyonipa jibu, kwa hiyo na wewe iangalie yako, ikizima sekunde ileile na kamera ujue umeme wa habu umekatwa.

Ushahidi wa kuambatisha ni mdogo tu. Kamera ikiondoka, programu ya Camera inaonyesha namba, ipige picha. Ikiwa `0xA00F4244` maana yake Windows haioni kamera yoyote, hiyo inakutetea. Ikiwa `0xA00F4243` maana yake kamera ipo ila imeshikwa na programu nyingine, funga hiyo programu, usimsingizie mtu hedseti. Ukiona ujumbe wa `Power surge on the USB port` upige picha haraka kabla haujaondoka. Na kama ofisi hawajafunga PowerShell, andika hii wakati kamera imepotea:

```
Get-PnpDevice -Class Camera,AudioEndpoint | Format-Table Status, FriendlyName
```

Kifaa kilichopo kinaonyesha `OK`, kilichotoka kinaonyesha `Unknown`. Kamera na hedseti zikiwa `Unknown` kwa pamoja, hiyo picha moja inatosha kumnyamazisha mtu wa bando. Usishtuke ukiona `Unknown` nyingine za vifaa ulivyowahi kuchomeka zamani, wewe angalia majina ya hivi viwili.

Halafu saa. Andika saa kama inavyosomeka kwenye kona ya kompyuta yako. Watu wengi wanaandika "ilizima saa nne na robo", mtu wa aiti anafungua kumbukumbu za mashine anatafuta 4:15 alfajiri, hakuna kitu, anafunga tiketi. Andika 10:15.

Barua yenyewe iwe fupi, kama hivi, weka tarehe na namba zako:

"Kamera ya USB niliyopewa imezimika mara nne wiki hii wakati wa mikutano: Jumatatu 10:15, Jumanne 09:40, Jumatano 14:05 na Alhamisi 11:20 (saa ya kompyuta). Kila mara kipicha changu mwenyewe kilikuwa cheusi, na mausi na hedseti vilipotea sekunde hiyohiyo. Vyote vimechomekwa kwenye habu moja isiyo na chaji. Nimepima bila intaneti, hali ni ileile. Bila hedseti, kamera ilikaa dakika 30 bila kuzimika. Hedseti ilipochomekwa peke yake kwenye laptopu ilipotea mara mbili, kamera haikuguswa. Waya wa hedseti umechubuka kati ya ncha ya USB na kiboksi cha sauti, picha nimeambatisha. Naomba hedseti nyingine ya USB. Namba ya kibandiko cha hedseti ni ... Ya zamani nitairudisha."

Usiweke kitu ambacho hujakipima. Kama hujafanya jioni ya pili, futa hiyo sentensi. Na usiandike "kamera mbovu" kwenye kichwa cha barua, maana watakutumia kamera. Andika "Hedseti inakata umeme wa USB, kamera inazimika".

Na nyie wengine mnaosoma, nimechoka kuwaona mkikimbilia kwa yeyote mwenye flashi ya Windows mfukoni. Fundi ambaye hajagusa waya, hajachomoa kitu kimoja kimoja, hajakuuliza inazimika ukifanya nini, akakwambia nifomati, huyo hajui na anataka hela yako. Wale wa "pakua programu itakayosasisha madreva yote" ni wabaya zaidi, hizo programu zinakuja na takataka, na kwenye laptopu ya ofisi unaweza kujikuta unajieleza kwa meneja. Na yule anayekata waya wa hedseti, anausokota, anafunga na selotepu, halafu anakurudishia uchomeke kwenye mashine ya kazi, huyo anacheza na soketi za laptopu yako. Selotepu hailindi nyaya za umeme zinazovutwa kila siku, zitagusana tena, na mkichomeka moja kwa moja kwenye laptopu bila habu hapo katikati, kinachobaki kukata umeme ni kinga ya laptopu yenyewe. Soketi ikiungua ubao mzima unafunguliwa, na hiyo bei siyo ya hedseti.

Kwa hiyo dada, ukishamaliza kipimo cha pili ichomoe hiyo hedseti usiirudishe tena, tumia maiki ya laptopu mpaka wajibu. Iweke kwenye mfuko na karatasi yenye tarehe, usimpe mtu aifungue, aiti wakitaka kuipima waikute jinsi ilivyo.