Dipositi ya nyumba: amana au arbuni?

*Natafsiri mkataba wa kupanga nyumba huku Umoja, Nairobi. Dipositi niiite arbuni, dhamana au amana? Na notisi niiandike ilani?*

Andika amana. Ni neno la mali anayokabidhiwa mtu aitunze, kisha airudishe, na dipositi ya nyumba ndivyo ilivyo. Kitenzi chake nacho kiwe kuweka, si kulipa: kilicholipwa kimekwenda, kilichowekwa huchukuliwa.

Arbuni iepuke kabisa. Hizo ni fedha za kufungia mapatano ya kununua. Mnunuzi akighairi huzipoteza. Akinunua, huhesabiwa ndani ya bei. Kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kushikilia kwamba hazirudi, na mpangaji naye anaweza kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa, akidai arbuni ndiyo kodi. “Malipo ya awali” yana kasoro hiyo hiyo ya pili. Dhamana si kosa, ila wasomaji wengi wa Kenya watafikiria kwanza mshtakiwa anayeachiliwa na mahakama.

Kifungu chako kinaweza kusomeka hivi: “Mpangaji ameweka amana ya shilingi 18,000. Amana hii si kodi. Mwenye nyumba atairudisha ndani ya siku 14 baada ya kukabidhiwa funguo, akiisha kukata kodi inayodaiwa na gharama ya kurekebisha uharibifu, isipokuwa uchakavu wa kawaida.” Kiasi na siku ni vya mfano; fuata walivyopatana. Lakini usiache kutenganisha uharibifu na uchakavu. Sinki iliyopasuliwa ni uharibifu. Rangi iliyofifia kwa miaka ni uchakavu. Mkataba ukitaja “marekebisho” tu, gharama ya kupaka rangi upya itakatwa kwenye amana, na mpangaji hatakuwa na neno la kujitetea nalo.

Notisi ibaki notisi. Ilani imezoeleka kuwa tangazo la umma, kama ilani ya Gazeti Rasmi, ilhali hii ni taarifa ya mtu mmoja kwa mwenzake. Ugomvi hasa huzuka katika “notisi ya mwezi mmoja”, kwa sababu maneno hayo hayasemi mwezi unaanza wala kuisha lini. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inataka notisi isipungue kipindi hicho na iishe siku ya kulipa kodi. Tuseme kodi hulipwa tarehe 1, na mpangaji akatoa notisi tarehe 10 Machi. Mwezi wake unatimia tarehe 10 Aprili, ila siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei, na hapo ndipo notisi inapoisha. Anayehesabu siku 30 peke yake atahama Aprili katikati, kisha ashangae kuona amana imekatwa.

Basi andika: “Upande wowote utatoa notisi ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja, itakayoisha tarehe 1 ya mwezi.” Neno “upande wowote” lisikuponyoke, ukiandika “mpangaji atatoa notisi”, umemfunga mmoja tu.