Kununua grupu kwenye mnada wa mtandaoni: dakika za mwisho na siku ya kulipa

Ninauza samaki wa kugandishwa katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na kwa mwenye kazi hiyo usiku mmoja bila umeme unatosha kuharibu katoni za tomsoni za wiki nzima. Ndiyo sababu mwaka 2025 nilianza kufuatilia minada ya mtandaoni ya Afrika Kusini, ambako huuzwa jenereta zilizotumika, zile ambazo sisi huku tunaziita grupu. Mnada wa kwanza nilioushinda ulinipotezea pesa bila kuniletea kitu, na wa pili ndio ulionipatia mashine inayonguruma sasa nyuma ya duka. Nitaeleza yaliyotokea katikati ya minada hiyo miwili.

Katika minada hii kila bidhaa huitwa loti, nayo ina namba yake na saa yake ya kufungwa. Saa ya Lubumbashi ni ile ile ya Johannesburg, kwa hiyo sikuwa na hesabu ya kugeuza. Ndugu yetu aliye Kinshasa ndiye anayepaswa kukumbuka kwamba yuko nyuma kwa saa moja. Loti niliyoitaka, grupu ya kVA 60, ilikuwa ifungwe Alhamisi tarehe 26 Juni saa 14:00. Dau la juu lilikuwa randi 78,000, na hatua, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kila dau jipya lazima lizidi lililotangulia, ilikuwa randi 1,000.

Nilikuwa nimesikia kwamba mjanja husubiri sekunde za mwisho ili wengine wakose nafasi ya kumjibu. Basi nikasubiri, na zilipobaki sekunde 20 nikaweka 79,000. Loti haikufungwa. Saa ya mnada ilirudi kwenye dakika 3, mtu mwingine akaweka 80,000, saa ikarudi tena kwenye dakika 3, nami nikajibu 81,000. Tuliendelea hivyo hadi karibu saa 14:27, nilipofika 91,000 naye akanyamaza. Nilipiga kelele ya furaha mbele ya wateja, jambo ambalo jioni yake, nilipopokea ankara, niliona haya kulikumbuka.

Masharti yalikuwa yameandikwa wazi, ila sikuyasoma: dau lolote likiingia ndani ya dakika 3 za mwisho, muda unaanza upya kutoka dakika 3, na loti hufungwa pale tu dakika 3 zinapopita pasipo dau. Mbinu ya sekunde za mwisho inatoka kwenye minada yenye mwisho usiosogea, kama ile ya eBay. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha mwaka 2002 minada ya eBay na ile iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon, ambayo ilikuwa ikiongeza muda mpaka dakika 10 zipite kimya, wakaona kwamba wanaosubiri mwisho walikuwa wengi zaidi kwa eBay. Ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa mahali ambapo muda unaongezwa, anayesubiri hamnyang'anyi mpinzani wake nafasi yoyote. Anachokipata ni kuingia katika mashindano ya moja kwa moja akiwa na jasho mkononi, na kila hatua peke yake huonekana ndogo.

Tena hatua ile si ndogo kama inavyoandikwa kwenye skrini. Mnada ule ulitoza komisyoni ya asilimia 10 juu ya bei ya ushindi, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15 juu ya vyote viwili, kwa hiyo kila randi 1,000 niliyoongeza ilikuwa randi 1,265 kwenye ankara. Anayesafirisha bidhaa nje ya Afrika Kusini anaweza kudai kodi hiyo irudishwe, lakini hurudi baadaye, na siku ya kulipa lazima uwe nayo yote. Dau langu la 91,000 likawa deni la randi 115,115.

Laiti ningeanza hesabu kutoka mwisho. Nilikuwa na dola 9,000 za kuifikisha mashine dukani. Msafirishaji wa kupita Zambia, wakala wa forodha na ushuru wa Kasumbalesa vingekula kama 3,000, na 6,000 zilizobaki, kwa randi 18 kila dola, ni randi 108,000. Ukigawa kwa 1.265 unapata 85,000 na kitu. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wangu, nami nilipapita kwa hatua sita bila kujua.

Lakini kilichoniangusha hasa ni muda wa malipo. Masharti yalitoa siku 2 za kazi tangu ankara itolewe, na siku hizo ni za Afrika Kusini, si za kwetu. Ankara ilifika Alhamisi jioni. Ijumaa nilihangaika kukopa nyongeza, nikafika benki saa nane mchana. Kijana wa dirishani alinijibu kwa upole: «Mama, saa ya kutuma pesa za nje imepita. Hii itaondoka siku ya kazi inayofuata.» Siku ya kazi inayofuata haikuwa Jumatatu, maana Jumatatu ilikuwa tarehe 30 Juni, sikukuu yetu ya uhuru. Pesa ziliondoka Jumanne, zikafika Alhamisi, tena pungufu, kwa sababu benki ya katikati ilikuwa imejikatia ada yake. Mnada ulikuwa umeshafuta ununuzi wangu Jumatano na kuchukua dhamana niliyoweka wakati wa kujiandikisha, randi 10,000. Kuwatumia hati ya benki hakukusaidia, kwani walihesabu siku pesa zinapoingia kwao.

Mara ya pili niliacha loti zote zinazofungwa Alhamisi na Ijumaa, nikachagua iliyofungwa Jumatatu ya wiki isiyo na sikukuu upande wowote. Dola zote zilikuwa kwenye akaunti kabla sijaweka dau, na fomu ya benki nilikuwa nimeshaijaza nikiacha nafasi ya kiasi na namba ya ankara. Mahali pa kuchagua nani analipa ada niliandika OUR, maana yake ada zote ni zangu na mnada unapokea kamili. Mara ya kwanza palikuwa na SHA, yaani ada hugawanywa kati ya anayetuma na anayepokea, ndiyo maana pesa zilipungua.

Jumapili usiku niliandika dau la juu kabisa la 85,000. Mtambo wa mnada hauonyeshi wengine kiasi hicho. Hukupandishia hatua moja tu juu ya mpinzani, mpaka ufike mwisho wako. Kuliandika mapema kuna faida moja halisi: kwenye mnada ule, watu wawili wakiweka kiwango sawa, aliyetangulia ndiye anayeshinda. Jumatatu nilimwachia binti yangu simu nikaenda kupokea samaki. Muda ulisogezwa mara nne, mpinzani akaishia 78,000, loti ikawa yangu kwa 79,000, na ankara ikasema randi 99,935. Jumanne asubuhi, milango ya benki ilipofunguliwa, nilikuwa wa tatu kwenye foleni.