Kukunjua kichwa cha mhusika: mshono upite wapi

"Kichwa cha mhusika wangu kikikunjuliwa, miraba ya majaribio inavutika masikioni na kwenye taya, na mshono unaonekana mbele ya sikio. Nikate wapi? Natumia Blender."

Mkuu, mshono wa mbele ya sikio ndio ulionipotezea wiki nzima. Nilikuwa nikitengeneza makanga kijana kwa tangazo la mteja mmoja hapa Nairobi, nikazungusha mshono kulifuata shina lote la sikio ili liwe kisiwa chake. Nilipopaka rangi ya ngozi, ufa mwembamba ukatokea kati ya shavu na sikio, mahali ambapo kamera ilisimama karibu kuliko popote.

Siku iliyofuata nilikuwa kwa kinyozi Kawangware, nikawa naangalia vichwa badala ya simu. Nyuma ya sikio kuna mkunjo ambao ngozi ya sikio inakutana na fuvu, na kivuli hakiondoki hapo. Chini yake nywele zinashuka mpaka kisogoni, kisha ukosi wa shati unaficha shingo. Hiyo ndiyo njia ya mshono.

Kabla ya kukata, rudi Object Mode ubonyeze Ctrl+A, uchague Scale. Ukiwa ulivuta kichwa kwa mhimili mmoja bila kufanya hivyo, ukunjuaji hautajua, na miraba itavutika hata kama mishono ni mizuri.

Sasa chagua kingo kuanzia ukingo wa shingo upande wa kushoto, panda ndani ya mstari wa nywele, ingia kwenye mkunjo wa nyuma ya sikio, pita juu ya kichwa vidole viwili au vitatu nyuma ya mstari wa nywele wa paji, shuka upande wa kulia vivyo hivyo mpaka shingoni. Kisha Ctrl+E, Mark Seam. Umepata visiwa viwili: uso pamoja na masikio yake, na kisogo. Mfuko wa mdomo ukate kwa mzunguko mmoja ndani ya midomo, usionekane.

Kisogo bado ni nusu tufe, na tufe halilali bapa. Ganda la chungwa ukilibonyeza mezani linapasuka pembeni, kwa sababu ukingo wake ni mfupi kuliko nafasi unayotaka ujaze. Kwa hiyo kipasue wewe mwenyewe: mshono mmoja katikati ya kisogo, kutoka shingoni kupanda, uishie kabla ya kufika mshono wa juu. Kisiwa kinabaki kimoja lakini kinapata nafasi ya kufunguka.

Sikio ndilo gumu zaidi. Limebaki limeshikamana na shavu kwa mbele, kwa hiyo upande wake wa nyuma unakunjuka kuelekea nje, ukivuka ukingo wa sikio. Lakini mkunjo wa nyuma ni mfupi kuliko ukingo huo, na sasa unalazimishwa kuwa mzingo wa nje. Hapo ndipo miraba yako inavutika. Tia mipasuo miwili mifupi mgongoni mwa sikio, kutoka kwenye mkunjo mpaka karibu na ukingo, isiuvuke. Mtu anayetazama kutoka mbele hataiona kamwe.

Ya taya ni hadithi hiyo hiyo: ngozi inapinda kutoka kidevuni kwenda shingoni. Mshono mfupi katikati ya koo, kutoka ukingo wa shingo mpaka chini kidogo ya kidevu, unatosha. Usiupandishe kidevuni.

Kisha bonyeza A kuchagua meshi yote, halafu U, Unwrap, mbinu ya Angle Based. Kwenye UV Editor washa Display Stretch katika Overlays. Bluu ni nzuri. Kijani na njano ni mvutano. Nyekundu ni mbaya. Jaribu kwa Angle, halafu Area, maana kipande kinaweza kuwa na pembe sahihi na bado kimesinyaa. Makanga wangu alibaki na kijani kidogo kwenye mabawa ya pua na ndani ya sikio. Nikaacha. Kukata pua ili kufuta kijani kile kungeniletea mshono katikati ya uso, na mshono pale huumiza zaidi ya mvutano mdogo.

Visiwa vikiwa na ukubwa tofauti, tumia Average Islands Scale, halafu acha nafasi kati yao. Kwa tekscha ya 2048 mimi huacha piseli 16, na rangi niipitishe nje kidogo ya ukingo. Tekscha inapopunguzwa kwa kamera ya mbali, rangi ya usuli huvuja kwenye mshono usipofanya hivyo.

Mhusika akiwa na upara, mshono wa utosini hauna pa kujificha. Hapo uache kabisa. Anzia mkunjo wa nyuma ya sikio moja, zunguka kisogoni chini mpaka sikio la pili, na upasue katikati ya kisogo kwenda juu hadi karibu na utosi. Utosi utapata mvutano, lakini ngozi yake ni laini, na unaweza kuipaka moja kwa moja juu ya meshi.